Mkandarasi Akichelewa, Tuandike Barua

Ndugu Wanachama,

Kazi ikichelewa, maneno huwa mengi kwenye makundi ya simu. Rai yangu ni kuwa maneno hayo hayana faida mpaka yageuzwe barua inayosimama juu ya mkataba.

Natuseme chama cha wakulima wa mboga cha Lushoto, huko milima ya Usambara, kimempa mkandarasi siku 120 ajenge banda la kuchambulia mboga. Kwa ratiba yake, kuta zilikuwa ziishe siku ya 75. Siku ya 80 zimefika usawa wa madirisha tu. Wanachama wanaandikiana: “Mwizi huyu, keshakula pesa zetu! Tumfukuze kesho!”

Neno “mwizi” halina ushahidi, na laweza kutupeleka sisi mahakamani. Nako kumfukuza mtu bila kufuata hatua za mkataba hutufanya sisi ndio tuliouvunja. Basi katibu na aandike hivi:

“Kwa mujibu wa kifungu cha ratiba, kuta zilipasa kukamilika siku ya 75. Tulipokagua siku ya 80, mbele ya msimamizi wako, zilikuwa usawa wa madirisha, na mafundi walikuwa 4 badala ya 12 ulioahidi. Tunakutaka utuletee kwa maandishi, ndani ya siku 7, ratiba mpya ya kufidia siku zilizopotea. Hatujaacha haki yetu yoyote iliyomo mkatabani.”

Hasira yote imo humo, lakini sasa ina kifungu, kipimo, shahidi na muda wa kujibu. Siku hizo 7 ziwe zile zinazoruhusiwa na mkataba wenyewe.

Kabla ya kutia sahihi, tujikague. Ikiwa malipo ya awali tuliyatoa kwa kuchelewa, au kiwanja hatukukikabidhi kwa wakati, siku hizo si zake. Mvua nazo tuzipime kwa mkataba: masika ya Machi hadi Mei yajulikana na kila mtu, na aghalabu huruma ya mkataba ni kwa mvua isiyo ya kawaida.

Barua ipelekwe kwa anwani iliyoandikwa mkatabani, na mpokeaji atie sahihi na tarehe katika nakala yetu.

La mwisho ndilo husahauliwa. Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345, na ile ya Zanzibar, zote zimetokana na sheria ya India ya mwaka 1872. Kwa asili hiyo, pale ambapo muda ni sharti la msingi, mwenye kupokea kazi iliyochelewa bila ya kutoa taarifa wakati wa kuipokea kwamba atadai fidia, hupoteza dai hilo. Kwa hiyo barua ya siku ya 80 haitoshi. Siku ya kukabidhiwa funguo iandikwe nyingine.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama