Bei ya gofu isomwe kabla ya kulipia tiketi

Watu wengi wa Kamembe, mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, hawajawahi kushika fimbo ya gofu. Hata hivyo, mashindano ya Kenya Open yanapochezwa Nairobi, majina ya wachezaji wake yanafika kwenye simu za vijana wa pande zote mbili za mpaka, Rusizi na Bukavu, yakiwa na namba kubwa pembeni: 81, 151, 301. Aliyezoea kubeti mpira, ambako timu dhaifu hupewa 6 au 7, anaziona namba hizo kama zawadi. Lakini namba hizo hazisomwi kama za mpira.

Kwanza ni wingi wa washindani. Mechi ya mpira ina matokeo matatu tu. Mashindano ya gofu ya kiwango hicho huanza na wachezaji wapatao 150, na mmoja tu ndiye anayechukua kombe. Hivyo bei ya 151 haisemi kwamba kampuni imekuwa karimu. Kama wachezaji 151 wangekuwa na uwezo sawa kabisa, hiyo ndiyo ingekuwa bei ya haki ya kila mmoja, bila zawadi yoyote.

Wingi huo pia huipa kampuni mahali pa kuficha faida yake. Tuseme wachezaji 100 wa chini kwenye orodha, wakichukuliwa wote kwa pamoja, hutoa bingwa mara moja katika kila mashindano matano. Sehemu ya kila mmoja ni mara moja katika 500, kwa hiyo bei ya haki ni 500. Kampuni ikiandika 251, mteja anaona mlima wa pesa, kumbe amepewa nusu ya thamani ya dau lake. Kwenye mpira, kukata bei kiasi hicho kungeonekana mara moja, kwa sababu mteja anaweza kulinganisha namba tatu kwa macho. Kwenye orodha ya majina 150 hakuna anayepiga hesabu. Na anayekatwa zaidi ni mpenzi wa majina madogo, siyo wa vinara.

Kwa Afrika Mashariki kuna mtego mwingine: mapenzi ya nyumbani. Kenya Open ilianza mwaka 1967, na hadi leo hakuna Mkenya aliyeitwaa. Jacob Okello aliikaribia mwaka 1998 akashindwa kwenye mashimo ya nyongeza. Mchezaji wa nyumbani anapowekewa bei kubwa, dau la mshabiki huwa limewekwa na moyo, na kampuni inalijua hilo.

Pili ni uwanja. Hapa mwenye kuchunguza anaweza kupata kitu. Viwanja vya Karen na Muthaiga viko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali kuliko Ulaya. Mchezaji lazima abadilishe hesabu ya kila fimbo. Tena nyasi zake ni kikuyu, ngumu na zenye kushika, ambazo huumeza mpira ukitoka kidogo njiani. Waafrika Kusini wamekulia kwenye nyasi hizo, na Johannesburg nayo iko juu kama Nairobi. Mwaka 2021 Karen iliandaa mashindano mawili mfululizo: Justin Harding akashinda la kwanza, Daniel van Tonder la pili. Mwaka 2025 Jacques Kruyswijk alishinda Muthaiga. Wote watatu ni Waafrika Kusini.

Hata hivyo, katikati ya ushindi huo, Muthaiga ilimpa kombe Mchina, Ashun Wu, mwaka 2022, Mhispania Jorge Campillo mwaka 2023 na Mholanzi Darius van Driel mwaka 2024. Uwanja humsaidia mtu, haumchagui. Na siri ikishajulikana na wote, kampuni nayo inaijua: Mwafrika Kusini ambaye kwa kiwango chake angewekewa 101 huwekwa 61, na ile nafuu imeshaliwa. Swali la maana ni moja: je, bei hii imeshaihesabu habari hiyo au bado?

Tatu ni sare, na hapa ndipo ugomvi wa dirishani unapozaliwa. Nafasi ya kwanza haina shida, maana waliofungana hucheza mashimo ya nyongeza mpaka mmoja abaki. Mwaka 2021 van Tonder alimshinda Jazz Janewattananond kwa njia hiyo. Lakini nafasi ya pili kwenda chini hazichezewi. Waliofungana hubaki wamefungana, na malipo hugawanywa.

Mwaka 2019 Guido Migliozzi alishinda pale Karen kwa mkwaju mmoja. Nyuma yake walifungana watatu: Adri Arnaus, Louis de Jager na Justin Harding. Tuseme mtu wa Kamembe alikuwa ameweka faranga 3,000 kwamba Harding atamaliza ndani ya tatu bora, kwa bei ya 21. Kwenye matokeo ameandikwa wa pili, kwa hiyo mteja anangoja 63,000. Lakini watatu hao wanagombea nafasi mbili tu zilizobaki, ya pili na ya tatu. Kila mmoja ana theluthi mbili ya nafasi. Dau linalohesabiwa ni 2,000, na 1,000 limepotea. Malipo ni 42,000.

Mwaka 2024 waliofungana nyuma ya van Driel walikuwa wawili, Nacho Elvira na Joe Dean, Mwingereza aliyekuwa akipeleka bidhaa za duka kubwa majumbani ili kujikimu. Nafasi mbili, watu wawili: aliyembetia Dean ndani ya tatu bora alistahili malipo kamili. Mashindano ni yaleyale, nafasi ni ileile ya pili, ila malipo ni tofauti.

Kadiri mtu anavyoshuka kwenye orodha ndivyo wanavyofungana wengi zaidi, kwa sababu mkwaju mmoja huko hubeba kundi zima. Watano wakifungana na nafasi ya ishirini ndiyo ya mwisho kulipwa, dau la 3,000 kwa bei ya 2 huhesabiwa kama 600, na mteja hupewa 1,200. Tiketi inasomeka imeshinda, mfukoni amepoteza 1,800. Hajaibiwa, kanuni ni ya zamani na ina mantiki yake. Kosa ni kwamba anaijua baada ya kulipa.

Kwa hiyo dai la haki si kufuta kanuni hiyo. Ni kuiandika mahali mteja anaposoma, juu ya tiketi na kabla ya kitufe cha kulipa, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, pamoja na mfano mmoja wa hesabu. Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Pesa za dau zimeshavuka mto Rusizi bila kungoja sheria. Mamlaka za nchi wanachama zikubaliane sharti hilo moja, ili mtu wa Kamembe na wa Bukavu wasome kanuni moja kwa lugha moja. Mpaka hapo, mwenye tiketi ya gofu aulize swali moja kabla ya kutoa pesa: wakifungana, mnalipaje? Asipopata jibu, abaki na faranga zake.