'Usijali, utapona': Jibu linalokuangusha mtihani, na linalomfunga mgonjwa mdomo

Ukipita hosteli za wanafunzi wa uuguzi hapa Eldoret wakati mitihani imekaribia, utasikia ushauri uleule ukipitishwa kutoka chumba hadi chumba. Swali la afya ya akili likija, usisome sana. Tafuta chaguo linaloanza na "Inaonekana unahisi..." Weka alama, songa mbele.

Na ukweli ni kwamba mbinu hiyo hukupa alama mara nyingi. Ndiyo maana inanisumbua.

Chukua swali kama hili. Nimelitunga mwenyewe, lakini ukiwa darasa letu umekutana na ndugu zake. Kijana wa miaka 22 yuko siku ya tatu wodini baada ya kunywa sumu. Unapompima presha anakwambia, "Mnapoteza muda wenu bure. Watu wa nyumbani wangepumzika kama singekuwepo." Utamjibu vipi kwanza?

A: "Usiseme hivyo, bado una maisha marefu mbele yako."
B: "Kwa nini unafikiria hivyo na wazazi wako wanakupenda?"
C: "Unasema wangepumzika kama hungekuwepo. Je, unafikiria kujiua?"
D: "Nitamwita daktari aje azungumze nawe."

Wengi wetu tungesema A kwa mdomo, hata kama kwenye karatasi tungeweka C. A ndiyo tumelelewa nayo. Shangazi angesema A, pasta angesema A. Shida ni kwamba hujui kama maisha yake ni marefu, na yeye anajua kwamba hujui. Umempa matumaini ya bure, na pia umemwambia kwa adabu kwamba hutaki kusikia zaidi. Atasema "sawa sista" na kugeukia ukuta.

B ni mbaya kwa njia nyingine. "Kwa nini" inamtaka ajitetee, halafu inamwekea hatia juu ya hatia: wazazi wanakupenda na wewe unafanya hivi? Na kwa Kiswahili chetu cha kila siku hiyo "kwa nini" hugeuka "mbona", ambayo ni kali zaidi. "Mbona ulifanya hivyo?" ni sauti ya polisi. Ukiuliza "Ni nini kilitokea siku hiyo?" unapata habari ileile bila kumsimamisha kizimbani.

D ndiyo huwanasa wanafunzi wazuri, kwa sababu inafanana na kuwajibika. Ni kweli utamwambia daktari, na utamwambia nesi msimamizi wa shifti pia. Lakini swali limeuliza utajibu vipi kwanza. Mgonjwa amekuchagua wewe, sasa hivi, ukiwa na mashine ya presha mkononi. Ukimsukuma kwa mtu mwingine, huenda daktari akifika asipate neno.

C inamrudishia maneno yake mwenyewe, kisha inauliza waziwazi. Hapa wengi huogopa: si nitamtia wazo kichwani? La. Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpandikizii wazo hilo, na utafiti umeliangalia swali hili mara nyingi. Mara nyingi mtu hupumua, kwa sababu hatimaye kuna aliyelitaja. Akijibu ndiyo, unauliza kama ana mpango na kama ana kitu cha kutumia. Unabaki naye na kuita mwenzako. Akikuomba iwe siri yenu, humuahidi. Unamwambia mapema kwamba jambo la usalama wake lazima wahudumu wengine walijue.

Sasa rudi kwenye mbinu ya hosteli. Tuseme chaguo moja lilikuwa "Inaonekana unahisi kuwa mzigo kwa familia." Hiyo nayo ni sentensi nzuri, inafungua mazungumzo. Lakini mbele ya mgonjwa huyu, siku ya tatu baada ya sumu, usalama hutangulia, kwa hivyo C ingeishinda. Aliyekremu "Inaonekana unahisi" angekosa alama. Angekosa pia mgonjwa anayesema, "Hizo sauti zinaniambia nimpige huyu wa kitanda cha pili." Huyo humrudishii maneno kama kasuku. Unauliza sauti zinamwamuru nini hasa na kama anaona lazima azitii, unamwambia kwa upole, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutisha," na unahakikisha huyo wa kitanda cha pili yuko salama. Hubishani naye, wala hujifanyi kuzisikia.

Hildegard Peplau, muuguzi wa Marekani aliyeandika mwaka 1952 kwamba uhusiano wa nesi na mgonjwa wenyewe ni sehemu ya matibabu, hakuacha orodha ya sentensi za kukariri. Orodha tumejitengenezea baadaye, na ni ya Kiingereza. Mtihani ni wa Kiingereza. Wodi siyo. Huku wagonjwa wanatoka Langas, Turbo, Kapsabet, Lodwar. Mmoja anakueleza kwa Kiswahili, mwingine kwa Kinandi, kijana wa mtaani kwa Sheng. "Nimechoka" inaweza kuwa uchovu wa kazi ya shamba, au inaweza kuwa ndiyo hiyo sentensi ya swali letu. Hakuna karatasi niliyowahi kuifanya iliyonitaka nitofautishe. Wodini unatofautisha kwa kuuliza: "Umechoka na nini?"

Na neno "pole" je? Ukilitafsiri kwa Kiingereza linaonekana kama huruma tupu, na mwalimu mmoja aliwahi kunikata alama kwa ajili yake. Nilinung'unika wiki nzima. Kwetu, "pole" ikifuatwa na kimya ni mlango. "Pole, itapita" ni mlango uliofungwa. Neno ni lilelile. Tofauti ni nani anazungumza baada yako. Hicho ndicho kipimo ninachotumia siku hizi, kwenye karatasi na kitandani: baada ya jibu hili, mgonjwa amebakiwa na la kusema au amemalizwa?

Kuna sababu nyingine ya mgonjwa wetu kunyamaza ambayo vitabu vya ng'ambo haviwezi kukuambia. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Sheria ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Hukumu imetoka, lakini hofu haikutoka siku hiyo. Kijana akiona daftari mkononi mwako anaweza kudhani unaandikia polisi. Kwa hivyo kabla ya C, pengine unahitaji sentensi ambayo haipo kwenye chaguo lolote: "Mimi ni nesi, sijaja kukushtaki."

Ndiyo maana naona swali moja la kuchagua halitoshi. Walimu wetu, tuwekeeni hili kwenye mtihani wa vitendo. Mtu aigize mgonjwa, azungumze Kiswahili, aseme "niko poa tu" huku akitazama sakafu. Tupeni dakika nane. Mtahini asihesabu ni mara ngapi tumesema "unahisi". Aandike mgonjwa alisema nini dakika ya saba ambacho hakuwa amekisema dakika ya kwanza.