Usiililie pua iliyokuzwa na simu

Kijana msomaji wetu, ukijipiga picha kwa simu ukaona pua imekuwa kubwa kupindukia, usikimbilie filta ya kuipunguza. Pima kwanza umbali. Hilo ndilo somo ambalo mwalimu mmoja wa sekondari mjini Kisumu aliwapa wanafunzi wake wa kidato cha tatu.

Aliwauliza: kati ya mtumbwi ulio karibu na ufuo wa Dunga na mwingine kama huo ulio mbali ziwani, ni upi huonekana mkubwa? Wakajibu kwamba ni wa karibu. Basi, akasema, pua ndiyo mtumbwi wa karibu na masikio ni ule wa mbali.

Simu ikiwa sentimita 30 kutoka usoni, tofauti ndogo iliyopo baina ya pua na masikio huwa kubwa machoni pa lenzi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba kwa umbali huo upana wa pua huzidi kwa asilimia 30 hivi. Kwa mita 1.5 kosa hilo karibu hutoweka. Mwalimu akampiga picha mvulana mmoja kwa umbali wote huo wawili, akaikata ile ya pili hadi nyuso zikalingana. Darasa zima liliona pua mbili tofauti kwa mtu yule yule!

Filta nayo huweka alama machoni, puani na mdomoni, kisha huvuta au kubana sehemu hizo. Nyingi pia hufuta vinyweleo na kung'arisha ngozi. Utaitambuaje? Tazama fremu ya mlango nyuma ya mtu: ikipinda karibu na shavu, uso umevutwa. Katika video, akipitisha kiganja usoni, mara nyingi filta huyumba au hutoka. Lakini zilizo bora hazipotei kwa urahisi, kwa hiyo kutoona dalili si ithibati kwamba picha ni halisi.

Je, ni nani aliyeamua kwamba pua nyembamba au nywele laini ndizo nzuri? Mwalimu aliwakumbusha kisa cha Lupita Nyong'o, bintiye Gavana Anyang' Nyong'o wa Kisumu. Mnamo Novemba 2017, jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada baada ya nywele zake za asili kufutwa na kulainishwa. Lupita alilalamika hadharani, na jarida pamoja na mpiga picha wakaomba radhi. Yeye alijua nywele zake zilivyo, ndiyo maana aliona kilichoondolewa. Kijana anayejiona kila siku kupitia filta huenda akasahau, akadhani uso wa kwenye kioo ndio wenye kasoro.

Kwa hiyo, ukitaka picha yako, mpe mwenzako simu, asimame hatua mbili mbali, na filta izimwe. Kisha linganisha na ile ya mkononi.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.