Ujumbe wa siku ya ndoa: mwandikie mkeo, si mke wa jirani

Siku ya kumbukumbu ya ndoa ikikaribia, wanaume wengi huenda kutafuta maneno kwenye simu. Wanakuta ujumbe uliokwisha kutumwa na watu elfu: wewe ni malkia wangu, nyota ya maisha yangu, bila wewe siwezi kupumua. Wanabadilisha jina, wanaongeza maua matatu, wanatuma. Mke anajibu "asante baba" na siku inaendelea.

Tatizo si kwamba maneno yale ni mabaya. Mke anakujua unavyoongea. Kama tangu mwaka jana hujamwita nyota, anajua nyota hiyo umeiokota mahali. Kuna namna rahisi ya kupima: toa jina lake kwenye ujumbe, kisha jiulize kama jirani yako angeweza kumtumia mkewe bila kubadilisha neno. Kama angeweza, bado hujaandika.

Msomaji mmoja, dereva wa lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, aliniandikia wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 11 ya ndoa. Alikuwa na rasimu ya mistari minane. Ilimshukuru mkewe kwa upendo, uvumilivu, kulea watoto na kumwombea safarini. Aliniomba "niipendezeshe" kidogo.

Sikuipendezesha. Nilimuuliza swali moja: katika miaka hiyo 11, ni jambo gani mkeo alilifanya ambalo ulilishuhudia na hujawahi kulitaja?

Alikaa kimya siku tatu, kisha akaandika kwa kirefu. Miaka michache iliyopita tajiri wake aliuza lori, naye akakaa nyumbani miezi saba bila kazi. Mkewe alianza kupika maandazi ya kuuza. Alikanda unga saa nne usiku watoto wakishalala, akaufunika uumuke, na saa kumi alfajiri alikuwa uani akipepea jiko la mkaa. Mume alikuwa macho akisikiliza, lakini aliona aibu kutoka. Pesa ya maandazi ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Kikubwa zaidi kwake, mama yake mzazi alipopiga simu kuuliza hali, mke alijibu kwamba wako salama, vibarua vya hapa na pale vinapatikana. Hakumweleza mkwewe kwamba anayelisha nyumba ni yeye.

Nilimwambia, ujumbe wako ndio huo. Neno "uvumilivu" kwenye rasimu lilikuwa limeyafunika yote hayo. Mke akisoma "uvumilivu" anaweza kudhani unasema kuhusu safari zako ndefu. Akisoma "saa kumi alfajiri" anajua hasa unazungumzia nini.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupunguza. Tulibakiza mambo matatu: alichokifanya, kilichotokea kwa mume kwa sababu hiyo, na jambo moja dogo la mbele. La pili ndilo wanaume wengi huliruka. Wanataja kazi ya mke kisha wanasema asante, kama anayemlipa fundi. Mke anataka kujua kazi ile ilifika wapi ndani yako.

Jambo la mbele ndipo rasimu ya kwanza ilipoharibika zaidi. Aliandika kwamba mwaka huu atamjengea nyumba. Nilimuuliza kama kiwanja kipo, akasema bado. Basi ahadi hiyo tukaiondoa. Ahadi kubwa kwenye ujumbe wa ndoa huwa deni, na mwakani mke ataikumbuka vizuri kuliko wewe. Weka kitu ambacho kitatimia ndani ya wiki.

Ujumbe alioutuma ni huu. Ameniruhusu kuuchapisha baada ya kumuuliza mkewe. Jina la mtoto ambalo humwita mkewe kwalo nimeliondoa.

"Mama Fulani, leo tumetimiza miaka 11. Huku njiani nimekuwa nikiwaza ile miezi saba niliyokaa nyumbani. Ulikuwa unakanda unga usiku watoto wakishalala, na saa kumi alfajiri nasikia unapepea jiko. Nilikuwa macho. Kodi tulilipa kwa maandazi yako. Mama alipopiga simu ukamwambia tuko salama, nilikuwa nimekaa hapo hapo pembeni. Ulinistiri hata kwa mama yangu. Nilipopata lori jingine niliondoka nyumbani nikiwa bado najiona baba mwenye nyumba, na ni wewe uliyefanya hivyo. Hili sikuwahi kulisema. Sasa niko Makambako, Jumamosi nitakuwa nyumbani. Jumapili alfajiri wewe lala, chai ya watoto ni juu yangu. Asante. Mumeo."

Angalia hakuna "malkia" hapo wala ua hata moja, lakini huwezi kumtumia mke wa jirani. Pia angalia alivyoacha kuomba. Rasimu yake ya pili ilimalizia kwa kusema "nakuomba uendelee na moyo huo huo." Maneno hayo yanageuza shukrani kuwa maagizo ya kazi, kwa hiyo tuliyafuta. Vivyo hivyo na sentensi ya kwamba wanawake wengine wangekimbia. Ukimlinganisha na wengine, umewaingiza wageni kwenye siku yenu.

Lipo jambo jingine ambalo lingeweza kuharibu yote. Alitaka kuuweka ujumbe huu kwenye "status" ili ndugu na marafiki waone anavyomthamini mkewe. Nilimzuia. Siri ya miezi saba ile mke aliitunza kwa jasho lake, akaificha hadi kwa mkwe. Mume akiitangaza bila kumuuliza, amebomoa kitu kile kile anachomshukuru. Ushauri wangu ni kwamba ujumbe wenye njaa, deni, ugonjwa au mtoto mliyempoteza uende kwake peke yake kwanza. Kwenye "status" panatosha picha na "leo miaka 11, tunamshukuru Mungu." Akitaka kushirikisha wengine, aamue yeye.

Kabla ya kutuma, usome kwa sauti ya kawaida, kama mnaongea sebuleni. Neno linalokufanya ujisikie unahutubia, liondoe. Kama kwenu mnasema "hela", usiandike "fedha". Kama humwiti "mpenzi" mkiwa mezani, usianze leo. Anza kwa jina unalomwita kila siku. Urefu nao usizidi kurasa mbili za kioo cha simu, maana huenda atausoma akiwa sokoni au mtoto akimvuta gauni.

Na kama kuandika kunakushinda, rekodi sauti, au mwambie uso kwa uso watoto wakilala. Kanuni haibadiliki: jambo moja mliloishi, lilivyokufikia, na dogo utakalofanya.

Jibu la mke wa dereva lilifika baada ya saa mbili hivi, nalo halikuwa na maua. Aliandika: "Kumbe ulikuwa macho?" Kisha akapiga simu, wakaongea mpaka salio likaisha. Jumapili ile, mume ananiambia, uji aliutia chumvi nyingi lakini watoto waliunywa, na mama yao alilala hadi saa mbili.