Kisutu cha Bibi Hakikuwa Zambarau



Msimu wa harusi ukikaribia, kuna jambo linalotushughulisha kila mwaka. Bi harusi anachukua picha ya zamani ya bibi yake, ile ya rangi nyeusi na nyeupe, anaipeleka itiwe rangi, kisha inawekwa kwenye fremu karibu na mlango wa ukumbi wa wanawake. Si jambo baya. Lakini tunaona rangi nyingi zinazotiwa kwenye nguo za wazee wetu ni za kubahatisha. Na nguo ya bibi yako si karatasi ya kuchorea watoto.

Tutawaeleza yaliyotukuta sisi wenyewe. Picha yetu ilipigwa studio, Mjini Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1940. Bibi amekaa kwenye kiti, amejitanda kisutu. Nyuma yake amesimama mdogo wake, amevaa gauni linaloonekana jeupe pe. Tulimpa fundi mmoja aitie rangi. Iliporudi, kisutu kilikuwa cha zambarau iliyokolea na gauni limebaki jeupe. Tuliiona nzuri mpaka tulipomwonyesha mama mkubwa. Akaitazama kwa muda, akasema, "Hiki kisutu cha wapi? Na khalati wangu siku hiyo alivaa samawati, gauni lile nililirithi mimi."

Fundi hakufanya uzembe. Aliona kitambaa cheusi kidogo akatia rangi nzito, akaona cheupe akakiacha. Kosa lilianza pale alipodhani kwamba kilicho cheusi kwenye picha kilikuwa cheusi kwenye nguo.

Filamu nyingi za zamani hazikuuona wekundu. Kwa Kiingereza ziliitwa filamu za othokromatiki. Zilishika vizuri mwanga wa buluu na wa kijani, ila mwanga mwekundu haukuzigusa, ndiyo maana wapiga picha waliweza kuzisafisha chumbani chini ya taa nyekundu bila kuziharibu. Matokeo yake ni kwamba nguo nyekundu hutoka karibu nyeusi, na samawati hutoka karibu nyeupe. Filamu zilizoona rangi zote zilikuwepo pia miaka hiyo, kwa hiyo huwezi kujua kwa mwaka peke yake. Inabidi uiulize picha yenyewe.

Na picha huulizwa hivi: tafuta ndani yake kitu ambacho rangi yake unaijua bila shaka. Kwetu kilikuwa kisutu. Kila mwanamke wa visiwani anajua kwamba kisutu, kanga ya maharusi tangu zamani, ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Tukanunua kisutu kipya dukani, tukakitandaza mezani pembeni ya picha, tukalinganisha pindo kwa pindo na mji kwa mji. Palipo na nyeupe paling'aa. Palipo na nyeusi palikuwa peusi. Lakini palipo na nyekundu nako kulikuwa kweusi, kwa tofauti ndogo mno. Hapo tukajua kwamba filamu hii haikuuona wekundu, na neno la mama mkubwa kuhusu samawati likawa na ushahidi: buluu hafifu kwenye filamu hiyo lazima ingeonekana nyeupe.

Basi tukaanza upya wenyewe kwa programu ya GIMP, ambayo hailipiwi. Picha tuliiskani kwa dpi 600. Karatasi ilikuwa imegeuka manjano kwa uzee, na rangi ukiiweka juu ya manjano hutoka chafu, kwa hiyo kwanza tuliondoa manjano yote kwa `Colors > Desaturate`. Kama skani yako imetoka ya kijivu tupu, pita `Image > Mode > RGB`, la sivyo haitapokea rangi yoyote.

Kila nguo tuliipa tabaka lake. Gauni la samawati lilikuwa jepesi kulifanya: tabaka jipya, hali yake `LCh Color`, tukapaka buluu iliyopoa juu ya gauni lote. Hali hiyo huleta rangi tu na kuacha mwanga na kivuli cha picha vilivyo, ndiyo maana mikunjo haipotei. Kisha tukashusha `Opacity` mpaka 40. Juu yake tukaweka tabaka la pili lenye buluu iliyokolea kidogo, tukapaka ndani ya mikunjo tu, `Opacity` 15. Tabaka mbili hafifu zinashinda moja nzito, kwa sababu kitambaa cha kweli hakina rangi moja: kwenye mkunjo kinakoza, kwenye bega linalopigwa na taa kinapauka. Ukitia rangi moja nzito, gauni linakuwa kama limekatwa kwenye plastiki. Kingo za rangi tulizilainisha kidogo kwa `Gaussian Blur`, isije ikaonekana mstari shingoni.

Kisutu kilitupa kazi. Hali ya `LCh Color` haiwezi kuleta nyekundu juu ya weusi, kwa vile weusi wa chini unabaki. Tulilazimika kutengeneza nakala ya kisutu peke yake, na kwa kufuata kile cha mezani tukachagua sehemu za nyekundu tu, tukaziinua mwanga kidogo kwa `Colors > Curves`, ndipo tukapaka. Tulipoinua sana, chembechembe za filamu zilijitokeza na kitambaa kikawa kama kimemwagiwa mchanga. Tukarudi nyuma. Mwisho kisutu kimetoka damu ya mzee, si nyekundu ya dukani. Tumeridhika nacho hivyo. Nyekundu inayong'aa ingekuwa nzuri machoni, lakini picha haikuwa nayo ya kutupa.

Palibaki kilemba kidogo alichofunga khalati wa mama mkubwa. Hakuna aliyekumbuka rangi yake, na kwa filamu ile kijivu cha kati kingeweza kuwa mambo mengi. Tukakitia ukahawia hafifu sana, `Opacity` 8, kisionekane kimesahauliwa, na hatukuongeza kitu.

Hapa ndipo ilipo rai yetu. Wako wanaosema, rangi ni rangi, wageni watajuaje? Wageni hawatajua. Lakini picha hii itarithiwa, na mjukuu wa bi harusi wa leo atasema kwa yakini kwamba visutu vya zamani vilikuwa vya zambarau, kwa sababu ameviona. Hatuoni tofauti kati ya hilo na kumzulia marehemu neno ambalo hakulisema. Rangi unayoijua, itie. Usiyoijua, iache karibu na kijivu. Na wala usimrembe bibi kwa rangi ya mandhari ya ukumbi wako; hakuvaa kwa ajili ya maua yako ya pichi.

Kabla hujatoa picha mkononi, kaa na mzee mmoja aliye hai, mtaje nguo moja moja, uandike anavyokujibu. Baada ya kazi, hifadhi skani ya asili bila kuigusa, na nyuma ya fremu andika rangi zipi zilijulikana na zipi zilikadiriwa. Sisi tumeandika: "Kisutu na gauni, kwa ushahidi. Kilemba, kwa makisio."

Mama mkubwa aliposomewa, aliigeuza fremu, akaitazama tena mbele. "Sasa huyu ndiye," akasema, akaomba itundikwe chumbani kwake mpaka siku ya harusi.