Mpimie Mama kwa Upawa Wake

Mwezi huu naomba nikupeleke jikoni kwangu. Anayepika ni mama mkwe, tunayeishi naye. Mume wangu alirudi kwa mtaalamu wa lishe na malengo yake: mchana, protini gramu 30 na wanga gramu 60. Mimi, bila kufikiri, nikayaandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji.

Mama akaisoma, akanitazama. “Mwanangu anapimiwa chakula kama mfungwa? Kwani chakula changu kina nini?” Siku hiyo tulikula kimya, jamani!

Kosa lilikuwa langu. Mama hapiki kwa gramu, anapika kwa upawa na kwa mkono. Jumamosi iliyofuata nikamwomba radhi, kisha nikamwambia, “Mama, nifundishe vipimo vyako.” Tukachukua mzani mdogo, tukapima vyombo badala ya kumpima mtu.

Upawa wake mmoja wa wali ulikuwa gramu 150, yaani wanga kama gramu 42. Kwa hiyo upawa mmoja na nusu unatimiza lengo. Samaki asiye na miba, ukubwa wa kiganja chake, alikuwa gramu 100, ambazo ni protini kama 25. Nyingine chache zinatoka kwenye wali. Basi, sahani imekamilika!

Patamu palikuwa kwenye maharage. Sisi tulikuwa tunayahesabu kama protini tu. Upawa mmoja wa maharage yaliyochujwa mchuzi una protini kama 13, lakini una wanga kama 34 pia. Ukiyaweka juu ya wali uleule, wanga unapita lengo kwa mbali. Siku ya maharage, Mama sasa anapakua nusu upawa wa wali, upawa mmoja wa maharage na samaki wa zaidi kidogo ya nusu kiganja. Sahani bado imejaa, na hakuna anayejiona kanyimwa.

Angalizo: tulipima wali uliokwisha iva. Mchele ukiiva hunywa maji na uzito wake hufika karibu mara tatu, hivyo ukisoma jedwali la mchele mbichi huku umepima wali, hesabu yote itapotea.

Yakabaki mafuta, ambayo hayaonekani kwenye sahani. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori kama 120, na Mama alikuwa anamimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Sikumwambia apunguze. Nilimwomba tu amimine kwanza kwenye kijiko, ahesabu. Siku ya kwanza vilifika saba kwa sufuria ya watu watatu! Akacheka mwenyewe, akashuka hadi vitatu.

Karatasi niliibandua. Siku hizi Mama ndiye anayemwambia mwanawe, “Leo maharage, wali nusu upawa.” Na yeye hambishii!