Kioo Kikipasuka, Soma Karatasi ya Waranti

Tuseme umenunua simu Thika, ukaongeza pesa upewe waranti ya ziada. Wiki tatu baadaye, ukishuka matatu Ruiru, simu inaanguka na kioo kinapasuka. Unarudi dukani, muuzaji anakuambia, "Pole dada, waranti ni ya kasoro za kiwandani. Hii umeiangusha mwenyewe."

Kwa maoni yangu, hilo si jibu hadi asome karatasi aliyokupa. Waranti ya kawaida kweli hushughulikia kasoro za kiwandani. Lakini kama ile ya ziada imetaja uharibifu wa ajali, kuangusha simu bila kutaka ndiyo ajali yenyewe. Kama ingekuwa ya kasoro tu, ungelipia ziada ya nini?

Mwonyeshe hayo maneno, kisha umwombe akuonyeshe kifungu kinachosema kioo hakimo. Kikiwepo wazi, amekushinda. Maneno yakiwa na maana mbili, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inataka yasomwe kwa faida ya mteja.

Usikimbilie fundi kabla simu haijakaguliwa, utapoteza ushahidi. Ripoti ndani ya siku zilizoandikwa, ukiwa na risiti na ile meseji ya malipo. Akikataa bado, mwambie aandike sababu, kisha uipeleke kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Kama waranti inatolewa na kampuni ya bima, nenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Na hiyo meseji, tafadhali usiifute.